Pendekezo la filamu ya mkutano wa mwaka: andika pia kile ambacho hakitakuwamo

Mwaka wa kwanza nilipoiandikia kamati ya jumuiya moja ya wazungumzaji wa Kiswahili hapa Jinja, nikiomba kuwatengenezea filamu fupi ya kumbukumbu ya mkutano wao wa mwaka, barua pepe yangu ilikuwa na mistari minne tu. Nilisema kwamba ningerekodi shughuli yote na kuwakabidhi "filamu nzuri" baada ya muda mfupi. Walikubali upesi, nami nikafurahi, nisijue kwamba kila mjumbe alikuwa amekubali kitu chake. Nilipowapelekea filamu ya dakika sita, mwenyekiti alikuwa akiisubiri hotuba yake yote ya dakika arobaini, mweka hazina alitaka kila aliyechanga atajwe kwa jina, na mzee aliyefungua mkutano kwa dua aliniuliza kwa upole kama kamera iliharibika aliposimama yeye. Niliurudia uhariri mara tano bila malipo ya ziada, na sikuwa na pa kulalamikia, kwa sababu hapakuwa na maandishi yoyote ambayo ningeweza kuwaonyesha.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba kamati haisomi barua pepe, inasomewa. Katibu huifungua kwenye simu yake, kikao kikiwa kimekwisha anza, na kuwasomea wenzake kwa sauti. Kiambatisho kilichopambwa kwa picha na majedwali hakisomeki kwa sauti, na mara nyingi hata hakifunguki. Kwa hiyo pendekezo lote sasa naliandika ndani ya barua yenyewe, kwa aya fupi ambazo mtu anaweza kuzisoma bila kukwama, na kichwa chake kinataja kazi na tarehe: "Pendekezo la filamu ya mkutano wa tarehe 14 Desemba 2024". Mwezi mmoja baadaye, katibu anapoitafuta katikati ya barua nyingine, ataiona.

Aya ya mipaka ya kazi ndiyo iliyonigharimu muda mwingi, na ndiyo ninayoinukuu hapa kama nilivyoiandika kwa mkutano huo wa 2024:

"Tutarekodi kwa kamera mbili kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, na sauti ya wazungumzaji tutaichukua moja kwa moja kwenye mashine ya sauti ya ukumbini. Mtapokea filamu moja ya dakika tano. Ndani yake mtaona ufunguzi na dua, sehemu fupi ya hotuba ya mwenyekiti, kasida ya watoto, chakula cha pamoja, na mahojiano mafupi ya wanachama watatu mtakaowachagua ninyi. Pamoja na filamu hiyo mtapokea hotuba ya mwenyekiti ikiwa nzima, bila kukatwa, katika faili yake peke yake. Pendekezo hili halihusishi picha za droni, picha za mnato, wala orodha ya majina ya waliochanga."

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyozua mjadala, na ndiyo maana niliiweka. Mjumbe akisikia kwamba kitu fulani hakimo, hukidai siku hiyo hiyo, wakati bei bado inaweza kurekebishwa. Droni nimeitaja kwa sababu huulizwa kila mara, nayo hapa Uganda inahitaji vibali ambavyo mpiga picha mdogo kama mimi siwezi kuahidi kuvipata kwa wakati. Kuhusu hotuba nzima, huo ulikuwa ufumbuzi wa ugomvi wa mwaka wa kwanza: hotuba ya dakika arobaini haina nafasi katika filamu ya dakika tano, lakini mwenye hotuba ana haki ya kuiona, na kuitoa peke yake hakunichukui zaidi ya saa mbili.

Chini ya hapo niliongeza mambo ambayo kamati yenyewe inapaswa kuyafanya. La muhimu zaidi lilikuwa idhini ya wazazi wa watoto waimbaji wa kasida. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na ni rahisi zaidi kwa mwalimu wa kasida kuwauliza wazazi wiki moja kabla kuliko mimi kumkata mtoto mmoja kutoka katika picha ya watoto ishirini waliosimama bega kwa bega.

Ratiba naipanga kinyumenyume, nikianzia siku ambayo filamu inahitajika. Niliwauliza mapema wataionyesha lini, wakajibu kwamba ni kwenye kikao cha wanachama cha Jumamosi, tarehe 1 Februari 2025. Nikaweka makabidhiano kuwa Ijumaa, tarehe 24 Januari, ili ibaki wiki nzima ya kuijaribu kwenye projekta ya ukumbi. Kutoka hapo nilirudi nyuma: nakala ya pili tarehe 17, maoni ya kamati tarehe 13, na nakala ya kwanza tarehe 6. Mtu atashangaa kwa nini nakala ya kwanza ichukue zaidi ya wiki tatu tangu siku ya mkutano. Kamera mbili zilizorekodi saa tano kila moja zinakupa saa kumi za picha, nazo lazima zitazamwe zote kabla ya kuchagua dakika tano. Kisha kuanzia karibu na tarehe 20 Desemba watu wengi wanakwenda vijijini, na nakala unayoituma wakati huo haitazamwi na yeyote mpaka mwaka mpya.

Ratiba ya tarehe peke yake, hata hivyo, ina udhaifu: humfunga mpiga picha bila kuifunga kamati. Niliandika kwamba maoni yatakusanywa na mtu mmoja, yataletwa kwa maandishi katika barua moja, na kwamba marekebisho ni ya awamu mbili, tena, "kila siku ambayo maoni yatachelewa kupita tarehe 13 Januari itaongezwa kwenye tarehe ya makabidhiano." Kabla ya hapo nilikuwa napokea maoni kwa simu kutoka kwa wajumbe watano, wawili kati yao wakipingana kuhusu wimbo ule ule.

Niliahidi kukabidhi kwa flashi, pamoja na nakala ndogo isiyozidi MB 60 ya kusambazwa kwa WhatsApp. Flashi nimeishikilia tangu Januari 2021, mtandao ulipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi na kazi ya arusi ikanikwamia kwenye kompyuta, mteja akiwa mtaa wa pili.

Kuhusu bei niliandika kwa ufupi: shilingi 1,800,000, nusu kabla ya siku ya kurekodi na nusu siku ya makabidhiano. Nikamalizia kwa ombi moja tu, kwamba kamati inijibu kufikia tarehe 15 Novemba, kwa kuwa baada ya hapo ningeichukua kazi nyingine ya siku hiyo.

Jibu la katibu lilikuja tarehe 12. Alisema Hajati mweka hazina ameuliza kama majina ya waliochanga yanaweza kupita mwishoni kwa maandishi. Nikamjibu kwamba yanawezekana kwa shilingi 100,000 zaidi, endapo orodha itanifikia ikiwa imeandikwa kwa kompyuta na tahajia yake imehakikiwa na Hajati mwenyewe. Ilinifikia tarehe 3 Januari, ikiwa na majina 64 na sahihi yake chini.