BFGS inayopanda badala ya kushuka: tazama yᵀs kabla ya kugusa H

*"Nimeandika BFGS yangu kwa Python, nahifadhi H, makadirio ya kinyume cha matriksi ya Hesse. Urefu wa hatua naanza na 1, naupunguza nusu mpaka f ishuke. Baada ya mizunguko michache mwelekeo unapanda. Nikirudisha H = I kila inapotokea, haikwami tena ila inakwenda polepole mno. Kosa liko wapi?"*

Kosa liko kwenye utafutaji wa urefu wa hatua. Fomula ya H haina hatia.

Tuseme s ni hatua uliyopiga na y ni tofauti ya gradienti g, mpya kutoa ya zamani. BFGS inailazimisha H mpya itimize Hy = s. Zidisha pande zote kwa yᵀ upate yᵀHy = yᵀs. Kama yᵀs ni hasi, basi tayari kuna vekta moja, y yenyewe, inayoipa H thamani hasi. H haiwezi tena kuwa chanya dhahiri, na −Hg haina dhamana ya kushuka. Kinyume chake ni kweli pia: H ya zamani ikiwa chanya dhahiri na yᵀs > 0, H mpya hubaki chanya dhahiri. Kwa hiyo namba ya kuchapisha kila mzunguko ni yᵀs.

Chukua f(x₁, x₂) = x₁⁴ − 2x₁² + x₂², anza kwenye (0.1, 0.1) na H = I. Gradienti ni (−0.396, 0.2), mwelekeo ni (0.396, −0.2), na mteremko kuufuata ni −0.197. Kwa urefu 1 unafika (0.496, −0.1). f imeshuka kutoka −0.010 hadi −0.422, kwa hiyo msimbo wako unaikubali hatua kwa furaha. Lakini gradienti mpya ni (−1.496, −0.2), na yᵀs inatoka −0.356. Mteremko umekuwa mkali zaidi, −0.552: umesimama katikati ya bonde linalozidi kuinama, na kupunguza nusu hakuwezi kukutoa hapo, kwa kuwa kunajua kurudi nyuma tu.

Dawa ni sharti la pili la Wolfe: mteremko mwishoni mwa hatua usiwe chini ya 0.9 ya ule wa mwanzo, yaani hapa uwe angalau −0.177. Urefu 1 unakataliwa, unarefusha hadi 2, unafika (0.892, −0.3). Mteremko sasa ni −0.169, umepita. yᵀs ni 0.056, chanya, ingawa njiani ulipita eneo lililopinda vibaya. Kwa hiyo utafutaji lazima uweze kurefusha hatua pamoja na kuifupisha. Kwa sharti la kwanza, la kushuka kwa kutosha, mgawo wa 1e-4 unatosha.

```python
sy = s @ y
if sy > 1e-10 * np.linalg.norm(s) * np.linalg.norm(y):
    V = I - np.outer(s, y) / sy
    H = V @ H @ V.T + np.outer(s, s) / sy
```

Hilo `if` ni kinga dhidi ya makosa ya kukadiria namba. Likiruka sasisho mara kwa mara, rudi kwenye utafutaji wa hatua, usilegeze kizingiti.

Sasa kasi. Kila unaporudisha H = I unafuta yote iliyojifunza kuhusu mpindo, na unabaki na mteremko mtupu. Dennis na Moré walionyesha mwaka 1974 kwamba H haihitaji kukikaribia kinyume halisi cha Hesse kila upande. Kinachotakiwa ni makadirio yawe sahihi kwenye mielekeo unayoipita. Hapo uwiano wa kosa jipya kwa kosa la zamani unaelekea sifuri, mradi urefu 1 ukubaliwe karibu na mwisho. Ndiyo maana jaribio la kwanza la kila mzunguko liwe 1, hata kama mzunguko uliopita uliishia 0.2. Mzunguko wa kwanza pekee ndio wa kipekee: kabla ya sasisho la kwanza, zidisha I kwa yᵀs/yᵀy, ili H ianze na ukubwa unaolingana na tatizo lako.

Kupima, chapisha ‖g‖ ya sasa ikigawanywa kwa iliyotangulia. Mwishoni uwiano ushuke, mfano 0.3, 0.08, 0.01, huku urefu ukibaki 1. Ukiganda kwenye 0.5 ilhali urefu ni 1, angalia matriksi ya Hesse kwenye suluhisho: ikiwa haina kinyume, kama ilivyo kwa x⁴ pale 0, kasi hiyo haipatikani. Na ukikadiria gradienti kwa tofauti za mbele, kosa lake huwa karibu 1e-8. Hatua s ikiwa ndogo kiasi hicho, y ni kelele tupu, kwa hiyo simamisha ‖g‖ ikifika 1e-5 au andika gradienti kwa mkono.