Nimefuta video za harusi, Finder yasema nafasi ipo, programu yakataa

*Fundi, salaam aleikum. Mimi nashuti na kuhariri harusi hapa Majengo, natumia MacBook Air ya GB 256. Jumapili nilimaliza kazi ya mteja, nikahamisha kila kitu kwenye diski ya nje, nikafuta kwenye Mac na kumwaga Trash. Finder yaniambia nina GB 96, lakini programu ya kuhariri yasema zimebaki 21 tu na haitaki kutoa video mpya. Hizo GB 75 zimeingia wapi, na nizitoeje?*

Waaleikum salaam, dada. Hizo GB 75 hazijatoka kwenye Mac yako. Zimeshikiliwa na taswira za Time Machine, mfumo wa bakapu wa Mac; taswira hizo kwenye skrini huandikwa Snapshots, na kwa sababu Mac inajua inaweza kuzifuta wakati wowote, Finder inazihesabu kama nafasi iliyo wazi. Programu yako ya kuhariri inahesabu kilicho tupu kweli sasa hivi. Ukitaka kuona hesabu hiyo mwenyewe, fungua Terminal uandike:

```
df -H /System/Volumes/Data
```

Tazama safu ya `Avail`. Ikiwa imekaribia 21 huku Finder ikisema 96, basi hakuna haja ya kutafuta mchawi mwingine.

Tangu macOS High Sierra ya mwaka 2017, ambayo ndiyo ilileta mfumo wa diski wa APFS, Time Machine ikiwashwa hupiga taswira ya diski ya ndani takriban kila saa na kuiweka kwa saa 24, hata kama diski yako ya nje imelala kabatini. Taswira yenyewe haikopi kitu. Inaandika tu kwamba saa fulani, faili hizi zilikuwa kwenye sehemu hizi za diski, na sehemu hizo zisiguswe. Ndiyo maana ikipigwa haili nafasi yoyote ya maana. Uzito unaanza pale unapofuta: jina la faili linaondoka kwenye folda, Trash inakuwa tupu, lakini sehemu za diski zilizobeba video zinabaki zimefungwa mpaka taswira ya mwisho inayozitaja iondoke.

Kwa mwandishi wa barua na ripoti jambo hili halionekani, kwa sababu anachofuta ni kidogo. Kwa mtu anayeingiza GB 70 usiku wa harusi na kuzifuta kesho yake, linaonekana sana.

Zitazame zilivyo:

```
tmutil listlocalsnapshots /
```

Utapata mistari ya namna hii:

```
com.apple.TimeMachine.2025-02-09-081244.local
```

Tarehe na saa zimo ndani ya jina. Hii ilipigwa tarehe 9 Februari 2025, saa mbili na dakika 12 asubuhi. Ukiona pia mstari unaoanza na `com.apple.os.update`, huo ni wa mfumo wenyewe wa macOS, uache ulivyo.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokwama. Tuseme uliingiza klipu saa tano usiku wa Jumamosi, ukazifuta saa tisa alasiri ya Jumapili. Kati ya saa hizo, kama Mac haikulala, zimepigwa taswira kama 15 na zaidi, na kila moja inazitaja klipu zile zile. Ukifuta taswira moja, hata ukifuta kumi, hupati kitu, kwa sababu zilizobaki bado zinazishikilia. Mtu anafuta mbili tatu, anatazama `df`, anaona namba haijasogea, anasema amri haifanyi kazi. Disk Utility nayo inachangia kumchanganya: ukichagua volyumu ya Data, yaani sehemu ya diski inayobeba faili zako, kisha View na Show APFS Snapshots (ipo kuanzia macOS Monterey), unaonyeshwa ukubwa wa kila taswira, lakini ule wa Private Size ni wa vitu ambavyo taswira hiyo peke yake ndiyo inavyo. Klipu zinazoshirikiwa na taswira 15 hazihesabiwi kwa yeyote. Kila mstari unaonekana mdogo, ilhali zote kwa pamoja zimeshikilia GB 75.

Kwa hiyo usizichomoe moja moja kwa kubahatisha. Iambie Mac unataka kiasi gani, iamue yenyewe zipi ziondoke:

```
sudo tmutil thinlocalsnapshots / 75000000000 4
```

Namba ndefu ni baiti: GB 75 ni 75 ikifuatwa na sufuri tisa. Ile 4 mwishoni ni kiwango cha msisitizo, kutoka 1 hadi 4. Ukiiacha bila kuandika, inachukuliwa kuwa 1, na hapo Mac inaweza kupunguza kidogo tu au isiguse kitu. Kwa `sudo` utaulizwa nenosiri la kuingilia Mac. Unapoliandika skrini haionyeshi hata nukta, andika tu ubonyeze Return. Ikikataa kwa kukosa ruhusa, nenda System Settings, Privacy & Security, Full Disk Access, uiwashe Terminal, kisha uifunge na kuifungua tena.

Ikiwa kweli unataka kuondoa moja unayoijua, andika tarehe na saa yake tu bila maneno ya mbele na nyuma:

```
sudo tmutil deletelocalsnapshots 2025-02-09-081244
```

Baada ya hapo ngoja dakika chache kabla ya kurudia `df`. Nafasi haifunguki papo hapo kila mara.

Kabla hujapiga amri yoyote kati ya hizo mbili za kufuta, chomeka diski ya nje na ufungue klipu kadhaa moja kwa moja kutoka humo, za mwanzo, za katikati na za mwisho, uzione zinacheza. Maadamu taswira zipo, klipu iliyokopiwa vibaya unaweza kuirudisha kwa kuingia Time Machine kwenye folda ile ile. Zikishaondoka, usitegemee programu za kufufua faili, kwa sababu diski za SSD hazikuachii mabaki ya kufufua.

Huenda pia ukauliza: si zinajifuta zenyewe baada ya saa 24, kwa nini wakati mwingine nafasi inakaa siku nyingi bila kurudi? Iko taswira moja isiyofuata saa. Time Machine huweka taswira ya bakapu ya mwisho iliyofanikiwa, na hiyo hukaa mpaka nafasi ihitajike. Ukifanya bakapu Jumapili asubuhi klipu zikiwa bado ndani, kisha ukazifuta alasiri na kuichomoa diski ya nje wiki nzima, ile taswira ya asubuhi itazishikilia wiki nzima. Dawa yake haihitaji Terminal: ukishafuta, chomeka diski ya bakapu na uchague Back Up Now. Bakapu mpya ikikamilika, taswira yake haina zile klipu, na ya zamani inaachiwa.

Kwa kazi yako kuna jambo lingine zito kuliko nafasi. Usiku wa kupamba ni wa wanawake pekee, na familia nyingi hukuachia upige video kwa sharti kwamba ukishawakabidhi, kwako isibaki hata klipu moja. Ukifuta na kumwaga Trash ukaapa kwamba hakuna kitu, bado mtu mwenye nenosiri lako anaweza kuingia Time Machine na kuirudisha. Kwa video kama hizo ni lazima taswira zifutwe zote zilizopigwa tangu klipu ziingie, si kupunguzwa tu. Na ikiwa diski ya bakapu ilikuwa imechomekwa wakati huo, humo nazo zimo, na kwenye bakapu za APFS huwezi kuchomoa faili moja, unafuta bakapu nzima ya kila tarehe iliyo na faili hiyo.

Ndiyo maana ushauri wangu kwako si kufuta kila Jumapili. Ni kuzitoa video kwenye volyumu inayopigwa taswira. Wengi hudhani ukiiweka folda ya video kwenye orodha ya vitu ambavyo Time Machine inaviruka, yamekwisha. Hayajaisha. Orodha hiyo inazuia folda isiende kwenye diski ya nje, lakini taswira ya ndani hupigwa kwa volyumu nzima na haijui folda gani umeiruka. Kinachofaa ni volyumu yake yenyewe. Fungua Disk Utility, View, Show All Devices, chagua kontena ya diski ya ndani, yaani mstari unaobeba volyumu zake, bonyeza alama ya kujumlisha juu ya Volume, ipe jina kama Kazi, muundo uwe APFS. Usiguse Partition. Volyumu za APFS ndani ya kontena moja hugawana nafasi iliyopo, hivyo hutenganishi GB zozote mapema. Kisha System Settings, General, Time Machine, Options, uiongeze Kazi kwenye orodha ya zinazorukwa, kwa kuwa volyumu mpya ya ndani huingizwa kwenye bakapu bila kuulizwa.

Kutoka hapo kadi ya kamera ikopiwe moja kwa moja Kazi. Ukiipitisha kwanza Desktop halafu ukahamisha, umeshazipa taswira kitu cha kushika. Mradi wa kuhariri pamoja na faili zake za muda uwe Kazi pia. Ukifuta humo, nafasi inarudi hapo hapo. Gharama yake ni kwamba Kazi haina bakapu kabisa, kwa hiyo mpaka mteja apokee mzigo wake, klipu ghafi zikae kwenye diski mbili za nje. Kwa video za kupamba unajua mwenyewe diski hizo ni zipi na ni ngapi, na siku ya kuzifuta unazifuta kweli.

Ukishafanya yote na `tmutil` haionyeshi taswira hata moja lakini nafasi bado haijarudi, angalia mambo mawili. Programu za kukopi diski kama Carbon Copy Cloner hupiga taswira zao, ambazo `tmutil` haizifuti. Hizo utaziona Disk Utility na kuziondoa ndani ya programu yenyewe. Pili ni bakapu za iPhone zilizowekwa kwenye Mac, hasa ukiwa unachomeka simu kutoa klipu. Chomeka simu, ichague pembeni mwa Finder, bonyeza Manage Backups, na zile za simu uliyokwisha kuiuza bonyeza kulia uchague Delete Backup.