Maswali na majibu: maofisa wanadhimu, ramani na oda ya paragrafu tano

Hawa maofisa wanadhimu, wale wapangaji wa vita, wakijifungia na ramani wanafanya nini hasa, si wanachora mishale tu? (Likoni)

Mishale ni mwisho wa kazi ndugu yangu, kazi yenyewe ni kuhesabu masaa. Chukua kisa cha jirani, Tanga 1914, Waingereza walipotaka kuuteka mji huo kutoka kwa Wajerumani. Jenerali wao Aitken alitoka Bombei na askari kama 8,000, mwisho wa Oktoba meli zikafika hapa Mombasa, wakakaa kikao, kisha wakateremka kwenda Tanga. Mjerumani Lettow-Vorbeck kwa jumla alikuja kupigana na watu kama 1,000 tu, na wengi wao wakati huo walikuwa mbali huko upande wa Moshi. Sasa mnadhimu anatandika ramani na kitu cha kwanza anachokiona ni ile reli ya Moshi mpaka Tanga, kama kilomita 350. Anajiuliza treni inakwenda mwendo gani. Tuseme 25 kwa saa, basi ni masaa 14, na kwa vile njia ni moja na mabehewa machache wale jamaa watafika kwa mafungu. Hapo ndo unajua una muda gani kabla mji haujajaa askari wa adui, na hesabu hiyo unaifanya mezani kabla meli haijang'oa nanga.

Wargame, yaani ule mchezo wa kujaribu mpango wa vita mezani, inachezwaje, na nani anaamua aliyeshinda? (Kisauni)

Haina mshindi kivile, mnaujaribu mpango wenu muone unakatikia wapi. Kwa kawaida ofisa wa ujasusi ndo anakuwa adui na anatakiwa acheze kushinda kweli kweli, ofisa wa oparesheni anaendesha upande wenu, na kuna refa mwenye saa. Mnakwenda kwa zamu: sisi tunafanya hivi, adui anajibu hivi, sisi tunajibu tena, na kila zamu inaandikwa.

Tuicheze Tanga. Zamu ya kwanza, tarehe 2 Novemba asubuhi manowari Foksi inaingia kudai mji ujisalimishe. Adui anajibu: naomba muda niulize wakubwa, na huku napiga simu Moshi treni zipakie. Refa anatazama saa, zikiondoka saa sita mchana fungu la kwanza liko Tanga saa nane usiku. Zamu ya pili, sisi tunateremsha watu Ras Kasone usiku, wamechoka na bahari, wachache wanajaribu kuingia mjini alfajiri na wanarudishwa. Zamu ya tatu, tunasubiri wote washuke ndo tushambulie, hiyo inakuwa tarehe 4 mchana, yaani zaidi ya masaa 50 tangu adui ajue tumekuja! Ndivyo ilivyokwenda kweli, Lettow-Vorbeck akawahi, tarehe 5 Waingereza wakarudi melini na kuacha bunduki na risasi nyingi ufukweni. Watu hupenda kusimulia nyuki waliowauma askari, na ni kweli waliwauma, lakini mimi naona vita ilikuwa imeshapotea kwenye saa.

Kinachotoka kwenye wargame ni pointi za uamuzi, kwa mfano: ikifika alfajiri ya tarehe 3 na mji haujashikwa, tunaendelea au tunaondoka? Jibu lake linaandikwa kabla ya safari, maana pale ufukweni hakuna mwenye akili iliyotulia.

Kwa nini oda ya kupeleka kikosi vitani iwe na paragrafu tano zile zile kila siku? (mwanafunzi, Changamwe)

Kwa sababu anayeisoma ana usingizi, yuko gizani, pengine anaisikia kwa redio inayokatika katika. Akijua mpangilio anajua kitu gani hajakisikia. Ya kwanza ni hali: adui, wenzetu, ardhi. Ya pili ni jukumu, sentensi moja tu yenye nani, nini, wapi, lini na kwa sababu gani, kwa mfano "Brigedi itaushika mji wa Tanga kabla ya alfajiri tarehe 3 ili kuzuia adui kuutumia mwisho wa reli." Ile "ili" usiifute kamwe, mpango ukiharibika ndo inayomwambia luteni afanye nini bila kuuliza. Ya tatu utekelezaji, ndo ndefu, wazo la kamanda kisha kazi ya kila kikosi. Ya nne maji, chakula, risasi, majeruhi. Ya tano nani anaongoza, nani anashika akifa, na mawasiliano.

Ukishasoma oda mwambie aliyeipokea akurudishie kwa maneno yake. Akisoma tu kama ilivyoandikwa, bado hajaielewa.

Mbona wengine wamecheza wargame na bado wakapigwa? (Kongowea)

Mkubwa akimkatalia refa, imekwisha. Mei 1942 Wajapani waliucheza mpango wa kukivamia kisiwa cha Midwei cha Wamarekani, dadu ikatoa mabomu tisa juu ya manowari zao za kubeba ndege, Admirali Ugaki akaamuru yahesabiwe matatu, na meli moja iliyozama kwenye mchezo ikarudishwa baadaye. Mwezi uliofuata wakapoteza manowari nne za aina hiyo baharini. Kwa hiyo ukialikwa kwenye zoezi, mtazame anayecheza adui. Akiwa ni ofisa mdogo anayeogopa kumuudhi bosi, matokeo yake usiyajengee oda.