Gunia lililo ghalani si hasara: maswali yenu ya kodi

"Nilivuna magunia 800 ya mahindi Novemba, nikauza 200 kabla ya mwaka kuisha. Shamba lilinimeza milioni mbili. Mhasibu anasema nimepata faida. Faida gani?" Mkulima, Kitale

Mhasibu wako yuko sawa. Milioni mbili zilikupa magunia 800, kwa hiyo kila gunia lilikugharimu shilingi 2,500. Yale 200 uliyouza yamebeba gharama ya 500,000 peke yake. Kama uliyauza kwa 3,500, umeingiza 700,000 na faida yako ni 200,000. Zile 1,500,000 nyingine hazikupotea. Zimelala ghalani pamoja na magunia 600.

Kifungu cha 17 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya kinahusu jambo hili hili: stoki ya mkulima mwanzoni na mwishoni mwa mwaka lazima iingie katika hesabu. Mwaka wa mtu binafsi huisha tarehe 31 Desemba, nasi wa Bonde la Ufa siku hiyo ndipo maghala yetu yamejaa. Ndiyo maana kosa hili linatuuma kuliko wengine.

Sasa sikiliza sehemu ambayo wengi huisahau. Mwaka unaofuata, zile 1,500,000 ndizo stoki yako ya kufungulia. Ukiuza magunia 600 kwa 4,000 utaingiza 2,400,000, na ukitoa 1,500,000 inabaki faida ya 900,000. Nimeona mkulima aliyeandika stoki ya Desemba vizuri kabisa, kisha akafungua mwaka mpya kwa sifuri. Alilipia kodi pesa alizonunulia mbolea. Kwa hiyo tarehe 31 Desemba ingia ghalani, hesabu magunia, andika idadi, uzito na hali yake, na mtu wa pili atie sahihi. Usikadirie ukiwa umekaa sebuleni. Na yale yaliyoliwa nyumbani yaondoe pamoja na gharama yake, kwa sababu chakula cha familia si gharama ya biashara.

(Nimechukulia kwamba hauko kwenye kodi ya mauzo, TOT. Kama uko, soma jibu la mwisho.)

"Kwani siku hizi mahindi ambayo sijauza yanatozwa kodi?" Wengi mno

Hapana. Stoki huandikwa kwa gharama, na gharama haina faida ndani yake. Nimelijibu swali hili msimu baada ya msimu. Tafadhali someni jibu la Kitale kabla ya kuniandikia tena.

"Nilipeleka magunia 300 kwa msagaji Desemba, akanilipa Februari. Si mapato ya mwaka mpya hayo?" Moi's Bridge

Si ya mwaka mpya. Mahindi yaliondoka mikononi mwako Desemba kwa bei mliyokubaliana, kwa hiyo mauzo ni ya Desemba, na msagaji ni mdeni wako. Usiyahesabu kama stoki pia, maana hayako kwako.

Mahindi uliyoweka kwenye ghala la watu ukapewa stakabadhi ni jambo jingine. Hayo bado ni yako, ni stoki yako, hata kama umekopa benki kwa stakabadhi hiyo. Mkopo si mauzo. Kuna wanunuzi wanaowashauri wakulima "tuandike Januari" huku lori limepakia tarehe 20 Desemba. Ankara yake ya eTIMS itabeba tarehe, na vitabu vyake vitasema tofauti na vyako. Atakayeulizwa ni wewe.

"Ng'ombe wangu wawili wa maziwa walikufa. Niliwanunua 120,000 kila mmoja mwaka uliopita. Nimeandika hasara ya 240,000 lakini binti yangu anasema nimekosea." Mama wa Nyandarua

Binti yako ana macho, mama. Ng'ombe hao walikuwa kwenye stoki yako ya kufungulia. Mwishoni mwa mwaka hawapo zizini, kwa hiyo stoki ya kufungia imeshuka kwa 240,000 na faida yako imeshuka nayo. Hasara imekwisha kuingia yenyewe. Ukiiandika tena kama gharama, umeihesabu mara mbili.

Weka ripoti ya daktari wa mifugo, na kama bima ilikulipa, malipo hayo ni mapato. Ndama waliozaliwa nao waandike. Hawana bei ya kununuliwa, basi wape gharama ya kuwalea, na ukishachagua namna ya kuipata usiibadilishe kila mwaka kufuata unavyotaka faida ionekane.

"Nafanya kazi Nairobi, shamba langu Narok limenipa hasara ya 600,000. Naitoaje kwenye mshahara ili nirudishiwe PAYE?" Mkulima wa simu

Huitoi. Hasara ya kilimo hubebwa mbele kusubiri faida ya kilimo, haigusi mshahara. Anayekuuzia huduma ya kukurudishia pesa hizo anakuuzia kesi.

"Mwaka mmoja sina kitu, mwaka unaofuata nauza mahindi ya misimu miwili. Naweza kugawanya faida kwa miaka miwili nilipe kodi nafuu?" Uasin Gishu

Kenya haina utaratibu huo kwa mkulima, na mimi naona ni upungufu mkubwa. Mrudie wa Kitale, na tuseme mavuno yake ya mwaka wa pili yote yalibaki ghalani. Faida ya 200,000 mwaka wa kwanza haikumlipisha kitu, kwa sababu nafuu binafsi ya 28,800 iliifuta kodi. Faida ya 900,000 mwaka wa pili inamlipisha 178,600. Kama angepata 550,000 kila mwaka, angelipa 147,200 kwa miaka yote miwili. Tofauti ni 31,400 kwa sababu ya kalenda tu. Unachoweza kufanya kihalali ni kupanga mauzo: uza kiasi zaidi kabla ya Desemba pale bei inapokubali.

Hatari kubwa zaidi ni tarehe za kulipa. Mkulima hulipa kodi ya awamu mara mbili: asilimia 75 kufikia 20 Septemba na asilimia 25 kufikia 20 Desemba. Kiasi ni makadirio ya mwaka huu au asilimia 110 ya kodi ya mwaka jana, kilicho kidogo. Kwa kuwa mwaka wa kwanza kodi ilikuwa sifuri, mwaka wa neema hadaiwi awamu yoyote, na 178,600 zote zinamwangukia 30 Aprili, wakati ananunua mbolea. Ile 30 Juni ni ya kuwasilisha ritani, si ya kulipa! Kisha Septemba, mahindi yakiwa bado shambani, anayefuata kodi ya mwaka jana bila kukadiria upya atatoa 147,345. Kama mwaka ni mbaya, tumia makadirio yako, lakini yawe na karatasi nyuma yake.

"Nauza kati ya milioni moja na tatu kwa mwaka. Kuna haja gani ya kuhesabu ghala?" Bungoma

Ukiuza zaidi ya milioni 1 hadi milioni 25 uko kwenye TOT, asilimia 3 ya mauzo kila mwezi, isipokuwa umemwandikia Kamishna kujitoa. Huko stoki haibadilishi kodi, na gharama hazitolewi. Kwa mauzo ya 2,400,000 ungelipa 72,000, nafuu kuliko 178,600 za Kitale. Lakini kama gharama zako zingekuwa 2,200,000, faida ya 200,000 isingekutoza chochote kwenye kodi ya kawaida, na TOT ingechukua 72,000 zile zile. Na ukiingia TOT ukiwa na ghala lililojaa mahindi ya mwaka jana, gharama yake hutaitoa tena popote. Bila kuhesabu ghala hutajua uko upande upi, na uamuzi huo ufanye Desemba, kabla hujauza gunia la kwanza la Januari.