"Mama kasema hayupo"

Juzi usiku nimepata meseji wasap kutoka kwa binti mmoja, kamaliza mafunzo ya uhudumu wa afya ngazi ya jamii karibuni tu, miezi sita kapiga, mitatu darasani mitatu mtaani, ana begi jipya na moto bado unawaka. Anasema, dada, wiki ya pili hii nazunguka, kila nyumba naambiwa mama hayupo, na naona kabisa khanga inapita nyuma ya pazia. Nifanyeje? Nikacheka peke yangu mpaka mume wangu akauliza kuna nini. Maana hiyo khanga na mimi naijua. Nikamwambia nitakujibu kwa kirefu, ndo hii hapa, na wenzangu mnaopita milango ya watu someni maana najua tunataka kitu kimoja, kukaribishwa ndani.

Mimi nafanya kazi huku pembeni ya ziwa, upande wa Ilemela, Mwanza, mtaa wa wavuvi na akina mama wa dagaa. Nilipoanza nilikuwa najiona nimesoma. Kuna nyumba moja ina mlango wa bati, siku ya kwanza nikafika saa tatu asubuhi, tisheti mpya, rejista mkononi, kalamu sikioni, nikasimama katikati ya mlango nikaita hodi moja na kabla sijajibiwa nikaendelea, "natokea zahanati, naomba kujua humu ndani kuna wajawazito wangapi?" Kwa sauti! Majirani wanaanika dagaa pale pale, wote wakanyanyua vichwa. Akatoka mtoto wa miaka kama minne, tumbo wazi, akanitazama akasema, "mama kasema hayupo." Nikaandika kwenye rejista "kaya haijafikiwa" nikasonga mbele.

Mara ya pili nikaenda na msimamizi wangu. Tukawa wawili, mabegi mawili, madaftari mawili. Safari hii hata mtoto hakutoka. Halafu kwenye kikao cha mwezi, mbele ya wenzangu wote, yule msimamizi akanisimamisha akasoma idadi ya kaya ambazo sijazifikia na akauliza kama mimi huwa natembea au nalala. Sijamsahau, wala sitaki kusema uongo hapa kwamba nimesamehe. Na yeye alikuwepo pale mlangoni, kaona.

Aliyeniokoa ni bibi mmoja jirani wa ile nyumba. Nilikuwa napita nimeshika rejista kama kawaida, akaniita, akaniambia, "mwanangu, wewe unatembea kama mtu wa kausha damu." Nikabaki nimesimama. Mnaojua mnajua, ile mikopo ya kila siku, anayekuja kudai anakuja asubuhi, ana begi, ana daftari, anaita jina la mama kwa sauti ili majirani wasikie. Sasa mimi na yeye tuna tofauti gani kwa mtu anayechungulia kwenye tundu la pazia? Tisheti? Yule mama alikuwa anadaiwa, na kila nikipiga hodi anajua ni marejesho. Mimi nilikuwa naandika kwamba anakataa huduma.

Tangu siku ile rejista inakaa ndani ya begi mpaka nikaribishwe, nikae, tuongee, niombe ruhusa ya kuandika. Na nikiitoa namuonyesha mwenye nyumba ukurasa wake, hapa naandika hiki na hiki, na kurasa za majirani nafunika na kiganja. Ukimuonyesha ya jirani kashajua yake nayo itaonekana kesho.

Halafu muda. Hakuna aliyetufundisha hili darasani. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mitumbwi inarudi alfajiri, akina mama wako mwaloni wanapokea, wanaanika, wanageuza, jua likianza kushuka wanakusanya. Ukienda saa tatu asubuhi unamkuta mwanamke mikono imejaa magamba na akili iko kwenye wingu lile pale juu, maana mvua ikishuka dagaa wanaharibika, na baba kalala kutoka ziwani ole wako umuamshe. Mimi naenda saa nane mchana, dagaa wakishageuzwa na kabla hawajakusanywa. Na nikimtaka baba nasubiri mbalamwezi, mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi ya dagaa inapumzika, wanaume wapo nyumbani wanashona nyavu. Hapo ndo mahali pa kumuongelea baba habari za nauli ya kujifungulia na nani atabaki na watoto, siyo siku nyingine.

Basi nikarudi pale mlango wa bati, saa nane, mikono mitupu. Nikasimama pembeni ya mlango siyo katikati, ili mtu wa ndani anione mimi bila mimi kuona ndani. Hodi. Nikasubiri. Hodi ya pili nikasubiri. Ya tatu isipojibiwa unaondoka, usichungulie, usiulize mtoto. Ile ya tatu akajibu mama mkwe, mzee kakaa nyuma ya nyumba anachambua mchanga kwenye dagaa. Mchana ule, kwa hiyo nikamsalimia "mwadila mayu" (asubuhi ingekuwa mwangaluka), nikapiga goti kidogo, akaniangalia upya. Mhola? Mhola duhu. Mimi Kisukuma changu ni cha kuungaunga lakini hata kibovu kinasaidia, na kama mtaa wako ni wa Wakerewe au Wajita tafuta salamu yao, usiende kuwatupia Kisukuma. Akanisogezea kigoda nikakaa. Tafadhali ukipewa kigoda kaa. Kama yeye yuko chini kwenye mkeka nawe shuka, usimuongeleshe ukiwa umesimama juu yake kama mgambo.

Nikachambua dagaa naye. Nikajieleza, mimi ni mtoto wa mtaa wa juu pale, nilichaguliwa kwenye mkutano na mwenyekiti wa mtaa ananijua, sidai hela wala sipokei hela. Afya sikugusa. Kama dakika ishirini hivi nikaaga, nikasema nitapita Alhamisi. Alhamisi nikapita. Hapa ndo wengi mnaharibu, unaahidi siku halafu hutokei kwa sababu kuna semina, na yule mzee hesabu anazo kichwani.

Sasa ngoja niwaambie kitu ambacho kimenichukua muda kukielewa. Salamu zetu zenyewe ni maswali ya kliniki. Ukisema hujambo unamuuliza kama hana jambo. Hawajambo watoto? Atasema hawajambo, ndo ilivyo, hata kama nyumba inaungua atasema hawajambo. Usikimbilie swali linalofuata, nyamaza. Likija "ila" ndo habari yenyewe. "Hawajambo, ila huyu mdogo kaamka na joto." Na kuna majibu mengine ya kuyasikiliza, "tupo tu", "tunasukuma siku", au akataja watoto watatu na wewe unajua wako wanne. Alhamisi ile mzee alisema, "hawajambo, ila mkwe wangu kula hali vizuri." Sikuuliza ana mimba. Nikasema pole yake, nitafurahi kumsalimia akipenda. Mzee mwenyewe akaita.

Alikuwa na mimba ya karibu miezi mitano na kliniki hajakanyaga. Iliyotangulia iliharibika na aliamini ilitangazwa mapema mno, macho ya watu yakaiona. Kwa hiyo mimi siku ya kwanza niliposimama pale nikauliza wajawazito wangapi mbele ya majirani, nilimfanyia kitu kile kile anachokiogopa kuliko vyote. Aliniambia hivyo, tena bila hasira. Bora angenitukana.

Kwa hiyo mimba, vidonge, mambo ya uzazi wa mpango, neno lolote la namna hiyo halitamkwi mlangoni. Mlangoni ni salamu na ruhusa tu: "naomba tuongee kidogo, wapi tutakaa vizuri?" yeye achague. Na kama kuna nyumba unaifuata kwa jambo la siri, mtu kaacha dawa kwa mfano, usiende hiyo moja tu ukarudi. Piga hodi na ya jirani wa kulia na wa kushoto, usalimie, ukae, isionekane nyumba ile ina alama.

Alianza kliniki wiki iliyofuata, akajifungulia kituoni salama. Miezi ya katikati haina stori.

Siku ya tatu baada ya kujifungua nikaenda kumuangalia mtoto. Hodi, mwadila, mzima? Mama akasema "hajambo, ila leo ananyonya kidogo anaacha." Hapo salamu imeisha, ndugu zangu, mwisho. Kuna watu wamenielewa vibaya wakadhani mimi nasema tukae tuchambue dagaa kila siku. Ukisikia mtoto mchanga hanyonyi, kapata degedege, ana joto au kapoa, kitovu chekundu kinatoa usaha, unaomba radhi unaingia kazini. Nikanawa mikono, nikasubiri mtoto atulie maana akilia hesabu inaharibika, nikafunua kifua nikahesabu pumzi dakika nzima kwa saa, siyo nusu dakika mara mbili. 68. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili ikifika 60 unarudia kuhesabu, kwa sababu wachanga pumzi zao hazina mpangilio. Nikarudia, 66. Nikaandika rufaa.

Nimeona nyumba ambazo hapo ndo mabishano yanaanza, tusubiri baba arudi, tujaribu dawa ya bibi kwanza, mpaka jioni. Mzee yule aliangalia mkono wangu unaandika, akamwambia mkwe wake, "vaa." Basi. Mtoto akawekwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, khanga juu, nikamwambia amnyonyeshe njiani kila akitaka, bodaboda ikaondoka. Alilazwa, akatibiwa, sasa hivi anakaa na anakula udongo kila ukimgeuzia mgongo. Na ile kaya kwenye rejista ya mwezi inasomeka imefikiwa, natamani ingesomwa tena kwenye kikao kile.

Haya yote nimemuandikia yule binti, kwa urefu kuliko hapa. Jana jioni akanijibu: "Dada nimeenda saa nane kama ulivyosema, nimesimama pembeni, hodi tatu. Katoka mtoto kasema mama kasema hayupo."

Nikamuuliza rejista ilikuwa wapi.

"Mkononi dada."