Maswali na Majibu: Deni la msimu uliopita linafutwaje kwenye mfumo?

Shikamoo mwalimu. Mteja wa salfa ana deni la 3,200,000 tangu misimu miwili nyuma, na amehama. Nimemtolea krediti noti, salio limekuwa sifuri. Nimekosea? (Masasi)

Marahaba. Umekosea, na barua za namna hii zinanijia kila baada ya minada ya korosho. Krediti noti inaeleza kwamba mali imerudi au bei imepunguzwa. Salfa yako haikurudi, imeshapulizwa mashambani. Kwa hati hiyo umepunguza mauzo yaliyofanyika kweli, na kama bidhaa ilitozwa VAT, umeipunguza pia bila kufuata masharti ya TRA ya deni lisilolipika. Kwenye mfumo wa ERPNext, ukiwa umeweka tiki kwenye `Update Stock`, mifuko imerudi ghalani kwa maandishi tu. Siku ya kuhesabu mali utamlaumu mtunza ghala bure.

Ghairi hati hiyo. Fungua `Journal Entry`, chagua aina ya `Write Off Entry`, kisha andika:

```
Debiti   Akiba ya madeni yenye mashaka   3,200,000
Krediti  Wadaiwa                         3,200,000
```

Mstari wa wadaiwa ubebe jina la mteja na namba ya ankara. Usipoitaja ankara, itabaki wazi kwenye ripoti na krediti itaelea pembeni yake.

Angalia sasa mizania. Tuseme wadaiwa wote walikuwa 40,000,000 na akiba 5,000,000, yaani ulitegemea kukusanya 35,000,000. Baada ya kufuta, wadaiwa ni 36,800,000 na akiba 1,800,000. Tofauti ni ileile 35,000,000, na faida ya mwaka huu haikuguswa, kwa sababu hasara uliikubali ulipoweka akiba. Anayedebiti gharama tena wakati wa kufuta anahesabu hasara moja mara mbili.

Na hili hukuliuliza: wewe uliyetoa krediti noti hiyo, ndiye pia unayepokea fedha za wateja? Kama ndiyo, ruhusa ya kutoa krediti noti iondolewe kwako kwenye mfumo leo. Mtu mwenye kazi zote mbili anaweza kupokea malipo, akayatia mfukoni, kisha akalifuta deni, na mteja asijue kamwe. Kufuta deni kuidhinishwe na mwenye mali, baada ya kuzungumza na mteja mwenyewe.

Akiba ya madeni mabaya tunaiweka benki gani? (Lindi)

Hakuna benki. Ni namba inayopunguza thamani ya wadaiwa kwenye mizania, hakuna shilingi iliyotengwa popote.

Ripoti inaonyesha karibu wakulima wote wamepita siku 90. Tuwawekee akiba yote? (Newala)

Hapana. Kwanza tazama ripoti inahesabu umri kuanzia lini. Kwenye `Ageing Based On` chagua `Due Date`, si `Posting Date`. Kisha rekebisha tarehe zenyewe: ukimkopesha mkulima Juni na mfumo ukampa siku 30 kwa mazoea, atahesabiwa mkosaji kabla minada haijafunguliwa Oktoba. Kama mmekubaliana alipe korosho ikiuzwa, ankara iseme 31 Desemba.

Baada ya hapo tumia viwango vinavyotokana na historia ya duka lako. Kwa duka la Masasi hapo juu, mwisho wa Juni, 26,000,000 hazijafika tarehe: 2% ni 520,000. Waliopitisha msimu mmoja ni 8,000,000: 10% ni 800,000. Waliopitisha miwili ni 2,800,000: 60% ni 1,680,000. Akiba inayotakiwa ni 3,000,000. Iliyopo ni 1,800,000, kwa hiyo gharama ya mwaka ni 1,200,000 tu. Wengi wanaingiza 3,000,000 nzima, na akiba inavimba mwaka hadi mwaka.

Viwango hivyo visigande. Msimu ukiharibika kwa ubwiri unga au bei ikianguka, vipandishe hata kama ripoti bado inaonekana nzuri. Kanuni ya uhasibu ya IFRS 9 inataka utazame mbele pia.

Akiba hii inapunguza kodi ya mapato? (Mtwara)

Akiba ya makadirio haipunguzi. Irudishe kwenye faida unapokokotoa kodi. Kinachokubalika ni deni ulilofuta baada ya kuchukua hatua zote za msingi za kudai. Tunza barua za madai na maelezo ya kila ufuatiliaji. Kumpigia simu mara moja asipokee si hatua.

Mteja tuliyemfutia ameleta 500,000. Tuandike mauzo? (Nachingwea)

Msiandike. Mauzo mliyaandika siku alipochukua mali. Rudisheni 500,000 tu: debiti wadaiwa kwa jina lake, krediti akiba, kisha pokeeni fedha kwa `Payment Entry` ya kawaida. Historia yake itaonyesha alifutiwa na baadaye akalipa sehemu, na atakapoomba mkopo mwingine mtajua mmwambie nini.