Mlango unakwama kila masika

"Mlango wangu wa mahogani, hapa Umoja, haufungiki mvua ikinyesha. Fundi anataka kuupiga randa. Nikubali?"

Salaam ndugu. Mwambie angoje kidogo. Kwanza angalia mlango unagusa fremu wapi. Mlango ukigusa pembe ya juu tu, upande wa kitasa, kaza skrubu za bawaba, maana huenda mlango umelala. Ukigusa ubavu wote, hapo mbao zimevimba. Mbao huvimba kwa upana, urefu hauongezeki sana.

Sasa ushushe mlango uutazame chini. Wangu wa saiprasi nilipoushusha, ukingo wa chini ulikuwa mkavu wa rangi kabisa. Fundi alipaka vanishi sehemu zinazoonekana tu. Ncha za mbao za wima za mlango, pale nyuzi zilipokatwa, hunyonya maji kama mrija, kuliko uso wa ubao. Niliuacha ndani ukauke mpaka kiangazi, nikapiga msasa, nikapaka vanishi ya nje mara tatu juu na chini, mkono wa kwanza ukiwa umezimuliwa ili uzame. Miguu ya fremu pia, kama inafikika.

Ukipiga randa sasa mlango ukiwa umelowa, Januari utaona mwanga pembeni. Kama huwezi kungoja, toa kidogo tu, kisha upake papo hapo pale ulipokwangua.

Na usidanganywe na jina mahogani. Mbao ngumu mbichi itakusumbua kuliko saiprasi iliyokaushwa vizuri.